Miezi minne ya kazi ya mtandaoni Uganda: Jinja itanitosha, au nitajuta kutokaa Kampala?

#1 Msafiri_wa_Ziwa
Wakuu, salaam. Mimi ni wa Mwanza, nafanya kazi mtandaoni na timu iliyoko Uholanzi. Nataka kuhamia Uganda miezi minne kuanzia Septemba. Mikutano ya video inanila kama saa nne kwa siku, na mara mbili kwa wiki tunakutana saa mbili usiku. Nikichelewa kuingia mkutanoni nasamehewa. Nikikatika katikati ya sentensi huku mteja anasikiliza, hapo sina msamaha.

Msimamo wangu ni Jinja, siyo Kampala. Kodi ni nafuu, foleni hakuna, mto upo wa kuangalia jioni. Tena bwawa la umeme liko mlangoni, kwa hiyo umeme hautanisumbua. Nibisheni.

#2 Chapati_Mbili
Ng'ombe kuwa zizini kwa jirani hakujawahi kumjazia mtu kikombe cha maziwa. Endelea tu mkuu.

#3 Nalongo_wa_Mpumudde
Karibu Jinja, kaka. Mimi nimezaliwa hapa. Bwawa la Nalubaale linazalisha umeme tangu 1954, na juzi usiku nimewasomesha mapacha wangu kwa mshumaa. Mji ni mzuri na watu ni wapole, ila hilo la bwawa lifute kwenye hesabu zako.

#4 FundiGlasi
Nalongo kasema kweli, naongeza sababu. Umeme wa bwawa hauingii nyumbani kwako moja kwa moja kama maji ya kisima. Unapanda kwenye gridi ya taifa, unazunguka, kisha unashuka kwenye transfoma ya mtaa. Uganda leo haina njaa ya kuzalisha umeme, Karuma peke yake iliyozinduliwa 2024 ni megawati 600. Unaokatika ni umeme wa mtaani: nguzo imeoza, mti umeangukia waya, transfoma imeelemewa. Kwa hiyo usiulize mji gani una umeme. Uliza nyumba ipi, kwenye transfoma ipi, na ukikatika wewe unabaki na nini.

Nafanya kazi ya kuunga nyaya za faiba Kampala na huwa natumwa Jinja. Nikipata nafasi usiku nitaandika kirefu.

#5 Mzee_wa_Bukoba
Kijana, kwa Jinja usikose kupanda mtumbwi kwenye chanzo cha Nile, na beba dawa ya mbu. Basi la Bukoba linapita Mutukula, pasipoti uwe nayo mkononi. Siku mbili zinakutosha kuona kila kitu.

#6 Msafiri_wa_Ziwa
@Mzee_wa_Bukoba asante mzee wangu, ila siendi kutalii, naenda kukaa miezi minne nikifanya kazi.

#7 Mzee_wa_Bukoba
Miezi minne kwenye chanzo cha Nile! Haya, vijana wa siku hizi.

#8 Kijana_wa_Kisumu
Bro, Kampala tu. Nilikaa Ntinda miezi mitano. Ofisi za kukodi kiti ziko karibu: The Innovation Village wapo Ntinda penyewe, Hive Colab wapo tangu 2010, na Outbox pia. Unalipia meza kwa siku au kwa mwezi, jenereta ni lao, intaneti ni yao, na ikikatika ni wao wanaokimbizana na kampuni, si wewe. Nyumbani nilikuwa narudi kulala tu. Foleni ya Kampala ni balaa, sikatai, lakini ukipanga nyumba unakoweza kutembea kwa miguu hadi kwenye meza yako, foleni inakuwa shida ya watu wengine.

Na rolex ya Ntinda saa nne usiku sijaona mfano wake.

#9 Chapati_Mbili
Wasomaji wageni, rolex ni mayai yaliyokunjwa ndani ya chapati, mtu asije akafikiri jamaa alikuwa ananunua saa ya mkononi usiku.

#10 Mama_Tumaini
Mimi niko Entebbe mwaka wa pili, nafundisha Kiswahili kwa njia ya mtandao. Mbona Entebbe hamjaitaja? Kumetulia, na tangu barabara ya haraka ifunguliwe 2018 mjini si mbali. Kasoro ni wale wadudu wa ziwani. Kuna siku wanatoka kama moshi, ukiwasha taa karibu na dirisha lililo wazi unawapata kwenye chai, kwenye kibodi, kila mahali. Nilifundisha kipindi kizima mwanafunzi ananiuliza, "Mwalimu, kwako kunanyesha theluji?"

Ila mimi natumia laini ya simu, na sauti zaidi kuliko video, kwa hiyo kipimo changu ni tofauti na chako.

#11 FundiGlasi
Nimerudi. Mtoa mada anauliza mji, mimi namjibu kwa nyumba, kwa sababu ndani ya mji mmoja tofauti ya nyumba na nyumba ni kubwa kuliko tofauti ya Jinja na Kampala.

Faiba ya nyumbani ni uzi wa glasi unaotoka kwenye kituo cha kampuni. Njiani unagawanywa na kikasha ambacho hakitumii umeme wowote, kinagawa mwanga tu, kisha unaingia kwenye kisanduku chako chenye taa. Maana yake ni kwamba umeme wa mtaa mzima ukizima, mwanga bado unafika kwako mradi kituo kina betri au jenereta, na kwa kawaida kinavyo. Kilichokufa ni kisanduku chako mwenyewe. Watu wananipigia simu, "fundi, umeme umeenda na intaneti imeenda," naenda nakuta uzi ni mzima kabisa. Wamekosa umeme wa kuwasha kitu kinachokula wati kumi tu.

Laini ya simu haiko hivyo. Umeme ukizima mtaani, mnara unahamia kwenye betri. Betri ikiwa nzee mnara unazima baada ya muda, usipokuwa na jenereta. Na hata kabla haujazima, waifai zote za nyumbani zimekufa kwa pamoja, kwa hiyo mtaa mzima umekimbilia mnara huo huo. Unaona vijiti vya mtandao vimejaa na hakuna kinachofunguka. Vijiti vikijaa na kasi hakuna, mnara ni mzima ila umeelemewa, wenyewe au njia inayoulisha. Vijiti vikitoweka kabisa, mnara wenyewe umezima.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye nyumba ni hili: faiba imefika ndani, au waifai unayoniambia ni kile kisanduku cha laini ya simu? Jinja katikati ya mji faiba ipo. Ukitoka nje kidogo, nyumba mbili zinazotazamana moja inayo na nyingine haina. Nenda ukaone kwa macho uzi mwembamba unaoingia ukutani. Usikubali jibu la dalali.

#12 Msafiri_wa_Ziwa
Fundi, hapa umenifungua macho. Kwa hiyo nikiwa na faiba halafu nikanunua betri ndogo ya rauta, umeme ukikatika naendelea na mkutano?

#13 BwanaHesabu
Ndiyo, na ni rahisi. Kuna UPS ndogo za rauta zinauzwa Kampala, unachomeka kati ya adapta na rauta. Yangu imeandikwa 8800 mAh. Rauta inakula kama ampea 0.9. Gawanya 8.8 kwa 0.9, unapata karibu saa kumi. Siku nzima ya kazi, umemaliza.

#14 FundiGlasi
@BwanaHesabu kifaa umekipata, hesabu imekupotosha. Ile 8800 imehesabiwa kwenye seli za ndani, ambazo ni volti 3.7, na rauta yako inataka volti 12. Zidisha 8.8 kwa 3.7, unapata kama wati-saa 32. Rauta inakula wati 10 au 11, na kupandisha volti kutoka 3.7 hadi 12 nako kunapoteza kidogo. Unabaki na saa mbili na nusu, tatu ukibahatika. Na wengi wana visanduku viwili, kimoja cha faiba na kimoja cha waifai. Hapo igawe kwa mbili tena.

#15 BwanaHesabu
Sasa nimejua kwa nini yangu huzima saa nane mchana. Nilikuwa nimeshamgombeza muuzaji.

#16 Chapati_Mbili
Karudi kumwomba radhi, na jina ubadilishe.

#17 FundiGlasi
Saa mbili na nusu si haba. Kukatika kwingi ni kwa muda mfupi kuliko huo. Lakini kukiwa na matengenezo ya laini wanaweza kuzima kutwa nzima, na hapo utahitaji inveta na betri kubwa, au ile meza ya Kijana_wa_Kisumu. Kabla hujanunua, soma kibandiko cha adapta ya rauta. Ikiandikwa 12V tafuta UPS inayotoa 12V, ikiwa 9V tafuta ya 9V. Nimeona watu wakiunguza rauta kwa kuchomeka tundu lililoenea tu.

#18 Mkongo_Kansanga
Bonjour kwa wote. Mimi ni mtu wa Goma, nafanya tafsiri, niko Kansanga hapa Kampala. Naongeza kisa changu. Mwaka jana mvua kubwa na radi, rauta iliungua pamoja na tundu la laptopu. Mwenye nyumba akasema radi imepitia kwenye waya wa intaneti, kwa hiyo nidai kampuni. Kampuni wakacheka. Nani alikuwa na haki?

#19 FundiGlasi
Pole sana. Kama ulikuwa na faiba, glasi haipitishi umeme, kwa hiyo radi iliingia kwenye waya wa umeme wa nyumba, ikafika kwenye adapta, ikapita kwenye waya ulioenda kwenye laptopu. Kama ulikuwa na antena juu ya paa yenye waya wa shaba ulioshuka ndani, mwenye nyumba anaweza kuwa na haki. Ulikuwa na kipi?

#20 Mkongo_Kansanga
Kulikuwa na antena, na kulikuwa na uzi mweusi pia. Sikujua upi ulikuwa unafanya kazi.

#21 FundiGlasi
Basi hatutajua kamwe. Eneo hili la ziwa lina radi nyingi mno, na Septemba hadi Novemba ni msimu wa mvua, mtoa mada zingatia hilo. Ukisikia ngurumo chomoa adapta ukutani kabisa, kuzima swichi hakutoshi, ubaki na ile UPS ndogo. Hapo utafanya mkutano huku radi ikipiga na kifaa hakijagusana na ukuta.

#22 Nalongo_wa_Mpumudde
Mimi nina swali langu, na nina vipimo, msinicheke. Nina vyumba vinne vya kupangisha, na kimoja nilikaa mwenyewe miezi miwili nikifanya kazi ya kuingiza data. Waifai ni moja kwa vyumba vyote, inatoka kwenye kisanduku cha laini ya simu. Mchana ni safi. Ikifika saa mbili usiku hadi saa nne, inakufa. Mpangaji mmoja aliniambia umeme wa jioni huwa na volti ndogo, ndiyo inayodhoofisha rauta. Mwingine akasema kampuni inapunguza kasi ukishatumia sana. Kijana wa dukani akasema ni mnara umejaa. Kila mtu ana lake. Mpwa wangu akanifundisha kuandika hivi kwenye kompyuta:

```
ping -n 100 192.168.1.1
ping -n 100 8.8.8.8
```

Ya kwanza ni kuongea na rauta yangu mwenyewe, ya pili ni kuongea na huko nje. Saa tisa mchana: rauta milisekunde 2, nje 70, hakuna kilichopotea. Saa mbili na nusu usiku: rauta 3, nje 480, na 9 katika 100 vilipotea. Sasa niambieni nani mkweli.

#23 Kijana_wa_Kisumu
Mnara umejaa. Rauta inajibu vizuri usiku, kwa hiyo ndani hakuna tatizo. Kesi imekwisha.

#24 BwanaHesabu
Mimi nasema volti. Jioni watu wanapika na kupiga pasi, volti inashuka, rauta inalegea.

#25 FundiGlasi
Nalongo, kwa vipimo hivi ningekuajiri. Volti siiamini sana. Adapta nyingi za rauta zimeandikwa 100-240V. Hata umeme ukishuka hadi 180, friji italalamika, adapta haitajua kitu. Na kama rauta ingekuwa inalegea, isingekujibu kwa milisekunde 3.

Lakini Kijana_wa_Kisumu naye kafunga kesi mapema. Kipimo cha kwanza kinaonyesha tu kwamba waifai kutoka kwako hadi kwenye rauta ni nzima. Hakionyeshi kwamba ndani ya nyumba hakuna tatizo. Vyumba vinne vinatumia mlango mmoja wa kutokea. Mpangaji wa chumba cha tatu akipakia video saa mbili usiku, foleni inajipanga ndani ya rauta, kwenye kutoka. Rauta itakujibu haraka, mzigo wako wa kwenda nje utasubiri. Kwa kipimo chako, mnara uliojaa na jirani anayepakia video vinafanana kabisa.

Njia ya kutofautisha ni kuzima vyumba vingine vitatu kwa dakika kumi saa mbili usiku na kupima tena. Ikipona, ni majirani. Isipopona, ni mnara au kampuni inabana.

#26 Nalongo_wa_Mpumudde
Nizime waifai ya wapangaji saa mbili usiku, siku ya mpira? Fundi, unataka nikose kodi. Ila nilipima kwa laini yangu ya kampuni nyingine saa hiyo hiyo, kwenye kiti hicho hicho. Nje 140, kikapotea kimoja.

#27 Kijana_wa_Kisumu
Kumbe basi ni mnara wa kampuni ile ya kwanza. Nilisema.

#28 FundiGlasi
Au ni kwa sababu laini yako ya simu hukuigawa kwa watu wanne. Bado hatujui.

#29 Msafiri_wa_Ziwa
Mimi nachukua hii: mkutano wangu wa saa mbili usiku ndio wa hatari, wa mchana hauna shida. Na nisikubali waifai ya kushirikiana na wapangaji. Je, nikiwa na laini mbili za kampuni mbili, MTN na Airtel, kama akiba ya faiba?

#30 FundiGlasi
Mbili ni nzuri kuliko moja, ila usidhani daima ni njia mbili. Minara mingi si mali ya kampuni za simu, ni ya kampuni za minara, na kampuni za simu zinapanga juu yake. Ukiona antena za watu wawili kwenye chuma kimoja, mara nyingi na umeme ni mmoja. Kikizima wanazima wote. Ukifika kwenye nyumba tazama minara inayoonekana. Ikiwa ni mmoja tu, laini ya pili itakufaa siku ya mnara kuelemewa, siku ya kuzima haitakusaidia.

#31 Mama_Tumaini
Na kuna siku njia zote zinakufa hata kama una laini kumi. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, mimi na dada yangu wa Dar tulikuwa tunatumiana ujumbe unaofika baada ya dakika kadhaa. Uganda haina bahari, intaneti yake nyingi inapitia Mombasa na kwingine pwani. Hapo Jinja na Kampala wote ni sawa.

#32 Mkongo_Kansanga
Na uchaguzi je? Januari 13, 2021 usiku nilikuwa na kazi ya kupeleka Ubelgiji. Intaneti ilizimwa nchi nzima hadi tarehe 18. Faiba, laini, vyote. Mteja alifikiri nimetoroka na pesa ya awali. Mwenzangu alipanda basi hadi Busia, akawa anakaa upande wa Kenya na laini ya Kenya, akapeleka kazi yake. Na Facebook ilibaki imefungwa hata baada ya hapo, usishangae ukifika haifunguki.

#33 Msafiri_wa_Ziwa
Uchaguzi ni kila miaka mitano, na miezi yangu ni Septemba hadi Desemba, kwa hiyo hapo nimepona. Lakini Busia nimeiandika. Jinja iko upande huo huo wa mashariki kuliko Kampala, naona pointi moja kwa Jinja.

#34 Kijana_wa_Kisumu
Ukija Busia pitiliza tu hadi Kisumu, tuna ziwa lile lile na samaki wanaoliwa na wenyewe.

#35 Chapati_Mbili
Mambo ya samaki fungueni uzi wenu.

#36 Kijana_wa_Kisumu
Swali la kweli: kwa nini asibebe Starlink? Kenya ipo tangu Julai 2023. Unanunua Nairobi, unatupa kwenye begi.

#37 Mama_Tumaini
Usimwingize mtoto wa watu kwenye matatizo. Ruhusa ya Kenya ni ya Kenya. Kifaa kile mpakani kinaulizwa kibali, na asiponacho kinabaki mpakani.

#38 Msafiri_wa_Ziwa
Starlink naiacha. Pesa sasa. Jinja nimeonyeshwa nyumba mbili. Ya kwanza ni chumba na sebule cha kukodi kwa mwezi kupitia Airbnb, kila kitu ndani, dola 420. Ya pili ni nyumba tupu Mpumudde, shilingi 450,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba anataka miezi mitatu mbele. Kwa haraka haraka ya pili ni rahisi mno, au kuna nisichokiona?

#39 Nalongo_wa_Mpumudde
Kuna usichokiona. Nyumba tupu ni tupu kweli, hata balbu utanunua. Kitanda, godoro, jiko la gesi, meza, kiti ambacho mgongo wako utakubali kukaa saa nane. Umeme ni wa kununua kwa mita ya Yaka, kama luku yenu. Kisha faiba, kama haijafika ndani, ni kungojea mafundi. Mimi nimeona wakija baada ya siku nne na nimeona wakija baada ya wiki tatu.

#40 BwanaHesabu
Ngoja nijirekebishie jina. Dola nachukulia 3,650. Airbnb 420 ni kama milioni 1.53 kwa mwezi, kwa miezi minne ni milioni 6.1. Nyumba tupu ni 450,000 mara nne, milioni 1.8. Vyombo vya kuanzia, tena vya mitumba, weka milioni 1.5. Faiba na Yaka weka 250,000 kwa mwezi, milioni moja kwa miezi minne. Jumla milioni 4.3. Unaokoa milioni 1.8, na ukiuza vyombo mwishoni unaongeza kidogo. Lakini ikiwa faiba itachelewa wiki tatu na wewe uko kwenye mikutano kwa bando, saa moja ya video inaweza kula gigabaiti moja. Saa nne kwa siku, siku kumi na tano, ni gigabaiti 60 za laini ya simu, mnara ule ule wa Nalongo.

#41 FundiGlasi
Hesabu safi leo. Naongeza kimoja tu. Miezi mitatu mbele ndiyo hatari kubwa kuliko bei, kwa sababu umeshalipa kabla hujajua saa mbili usiku pakoje. Ningekuwa wewe ningechukua chumba cha kulala wiki moja karibu na hiyo nyumba, hata kama ni ghali, nikapima jioni tatu tofauti, moja iwe ya mvua, ndipo nitoe pesa. Mwombe mwenye nyumba akufungulie saa mbili usiku uketi ndani na simu yako dakika ishirini. Akikataa, jibu umeshapata.

Kwenye nyumba yenye faiba, tazama taa za kisanduku. Taa iliyoandikwa PON ikitulia kijani, mwanga unafika. Iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, uzi umekatika au umekunjwa mahali. Hapo hakuna rauta wala UPS itakayokusaidia, ni kupiga simu na kungoja mtu kama mimi.

#42 Kijana_wa_Kisumu
Na Jinja ukikwama hivyo unaenda kukaa wapi? Kampala ningetembea dakika kumi hadi kwenye meza. Hilo hamjanijibu tangu juu.

#43 Nalongo_wa_Mpumudde
Kuna mikahawa ya barabara kuu yenye jenereta na waifai, wageni wengi hukaa na laptopu. Kahawa moja unakaa saa mbili. Ila kwa mkutano wa mteja, kelele za vikombe na muziki. Ofisi za kukodi kiti si nyingi kama Kampala, hilo nakubali.

#44 Mkongo_Kansanga
Na kukimbilia Kampala si suluhisho la siku hiyo hiyo. Kilomita kama 80, lakini Mukono ikifunga unaweza kutumia saa nne. Utafika mkutano umekwisha, mkononi una mishikaki ya kuku ya njiani.

#45 Chapati_Mbili
Mishikaki ya Namawojjolo inafuta machozi ya mkutano wowote.

#46 Mzee_wa_Bukoba
Mimi bado sijaelewa. Miezi minne unaangalia taa za kisanduku badala ya mto?

#47 Msafiri_wa_Ziwa
Mzee wangu, jioni nitauangalia na mto, nakuahidi. Nimeamua hivi: wiki ya kwanza Jinja chumba cha kulala, sitoi kodi ya miezi mitatu. Naja na UPS ya 12V na laini mbili. Nikishindwa nahamia Ntinda nikampe Kijana_wa_Kisumu haki yake. Nitarudi na vipimo.

#48 Msafiri_wa_Ziwa
Nimerudi, siku ya tano Jinja. Nyumba ya Mpumudde ina faiba ndani, nimeuona uzi kwa macho. Nilipima jioni ya kwanza saa mbili na robo: rauta 2, nje 75, hakuna kilichopotea. Jioni ya pili umeme ulikatika nikiwa ndani na mwenye nyumba, UPS ikashika, mkutano wa majaribio na rafiki ukaendelea dakika arobaini gizani. Mwenye nyumba alishangaa kuliko mimi. Nikawa nimeshatoa pochi.

Leo jioni ya tatu, nimefika, umeme upo, PON haiwaki, LOS nyekundu. Mwenye nyumba anasema ni mvua ya mchana. Jirani anasema kampuni haijalipwa. Kijana wa boda anasema kuna watu wanachimba mfereji toka asubuhi. Pochi imerudi mfukoni.

#49 FundiGlasi
Kampuni isipolipwa, taa ya PON huwa inabaki, kinachokatwa ni huduma. Mvua peke yake haikati glasi, labda maji yameingia kwenye kiungio kibovu. Huo mfereji uko upande gani wa barabara?

#50 Msafiri_wa_Ziwa
Upande wa nyumba. Ngoja nivae viatu.